Fotoni Zilizofungamana na Ukomo wa Kipimo cha Awamu

Awamu ni mahali lilipofikia wimbi katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka, nayo hupimwa kwa radiani. Chombo cha kuipimia kinachotumika zaidi ni intaferomita, ambayo huigawa nuru ya leza katika njia mbili kwa kioo kinachopitisha nusu ya nuru na kuakisi nusu nyingine, kisha huzikutanisha tena njia hizo kwenye kioo cha pili cha aina hiyo hiyo. Njia moja ikirefuka kidogo kuliko nyingine, mawimbi hukutana yakiwa yametofautiana awamu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni sehemu gani ya nuru itatokea upande huu na ni sehemu gani itatokea upande ule. Kazi ya mpimaji ni kuhesabu fotoni, yaani chembe za nuru, zilizotua kwenye kitambuzi cha kila upande, kisha kuikokotoa awamu kutokana na tofauti ya hesabu hizo mbili.

Tatizo huanzia kwenye hesabu yenyewe. Katika nuru ya kawaida ya leza kila fotoni huamua peke yake upande itakaotokea, kama sarafu inayorushwa bila kujali sarafu nyingine zimeangukaje, na kwa sababu hiyo hesabu hubadilikabadilika kila kipimo kinaporudiwa hata kama hakuna kilichobadilika ndani ya chombo. Chukua fotoni 10,000 na uiweke intaferomita mahali ambapo uwezekano wa kutokea kila upande ni nusu. Kwa wastani fotoni 5,000 zitatokea upande wa kwanza, lakini idadi halisi itayumba kwa takriban 50 juu au chini. Mahali hapo awamu ikibadilika kwa radiani moja idadi hiyo hubadilika kwa kiwango cha fotoni 5,000, hivyo yumbo la 50 humaanisha kosa la radiani 0.01, ambalo ni sawasawa na 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10,000. Kosa hili la 1/√N, ambapo N ni idadi ya fotoni zilizotumika, ndilo kikomo cha kelele ya mpigo, yaani kelele inayotokana na nuru kukipiga kitambuzi chembe moja moja badala ya kutiririka kama maji. Kuipunguza kelele hiyo mara 10 kwa nuru ya kawaida kunadai fotoni mara 100 zaidi, na gharama hiyo ndiyo iliyowasukuma wanafizikia kutafuta njia nyingine.

Ili kuona njia hiyo iko wapi, inafaa kulitazama kosa hilo kutoka upande wa pili. Kanuni ya kutokuwa na uhakika ya Werner Heisenberg inazifunga pamoja awamu na idadi ya fotoni, kwa namna kwamba awamu kati ya njia mbili haiwezi kujulikana kwa usahihi unaopita kinyume cha maradufu ya mtawanyiko wa idadi ya fotoni zilizopita katika njia moja. Kwa maneno mengine, anayetaka kuijua awamu kwa undani ni lazima akubali kutojua kabisa fotoni zilipita wapi, na kadiri kutojua huko kunavyokuwa kukubwa ndivyo awamu inavyojulikana vizuri zaidi. Fotoni zinazojiamulia kila moja peke yake hutawanyika kwa √N/2 tu, kwa kuwa makosa yao hufutana, na kinyume cha maradufu ya kiasi hicho hurudisha kikomo kile kile cha 1/√N. Mtawanyiko mkubwa kabisa unaowezekana hupatikana pale ambapo fotoni zote N zimo katika njia ya kwanza na papo hapo zote N zimo katika njia ya pili, bila hali yoyote ya katikati. Hapo mtawanyiko ni N/2, na kosa la chini kabisa linakuwa 1/N. Huo ndio uwiano wa Heisenberg, ambao kwa fotoni 10,000 ungelishusha kosa kutoka radiani 0.01 hadi radiani 0.0001.

Hali hiyo ya fotoni zote huku au zote kule huitwa hali ya NOON, kutokana na jinsi inavyoandikwa kwa alama za kikwantumu, |N,0⟩ + |0,N⟩. Ni mfano wa ufungamano, yaani uhusiano ambao chembe kadhaa hubeba kwa pamoja hali moja isiyoweza kuelezwa kwa kuitaja kila chembe peke yake. Katika njia iliyorefuka kila fotoni huongeza awamu φ, na kwa kuwa kundi zima hupita kama kitu kimoja, awamu zao hujumlishwa na kuwa Nφ. Mistari ya mwanga na giza inayotokea kwenye vitambuzi husongamana mara N, na mteremko mkali wa mistari hiyo ndio unaoifanya awamu isomeke kwa undani zaidi. Kwa fotoni mbili hali hii ni rahisi kuitengeneza, kwani fotoni mbili zinazofanana kwa kila kitu zikikutana kwenye kioo cha nusu kwa nusu hutoka daima zikiwa pamoja upande mmoja, jambo lililoonyeshwa na Hong, Ou na Mandel mwaka 1987. Kwa fotoni nyingi zaidi kazi huwa ngumu upesi. Majaribio ya fotoni tatu na nne yaliripotiwa mwaka 2004, na ya fotoni tano mwaka 2010.

Hadi hapa nadharia inaonekana kama ahadi isiyo na mpaka, na maandishi mengi ya kuisimulia sayansi hii kwa umma huishia hapo. Kinachoachwa nje ni upotevu, nao hauwezi kuchukuliwa kama dosari ndogo ya utekelezaji, kwa sababu unaibadili sheria yenyewe ya ukuaji wa usahihi.

Fikiria intaferomita ambayo kila fotoni ina uwezekano wa asilimia 90 wa kufika salama kwenye kitambuzi, huku asilimia 10 zikimezwa na vioo, zikitawanywa na vumbi au zikikosa kutambuliwa. Kwa vyombo vya maabara huo ni ufanisi mzuri. Fotoni moja ya hali ya NOON ikipotea katika njia ya kwanza, upotevu huo unatosha kuonyesha kwamba kundi lote lilikuwa katika njia hiyo, kwa kuwa hakuna hali ya katikati. Kutojua njia, ambako ndiko kulikoupa kipimo nguvu yake, kunakwisha mara moja, na fotoni zote zilizobaki, hata zikiwa elfu, hazibebi tena habari yoyote ya awamu. Kipimo hufaulu tu pale ambapo hakuna hata fotoni moja iliyopotea, na uwezekano wa hilo ni 0.9 iliyozidishwa kwa yenyewe mara N.

Hesabu ya faida na hasara hapa ni rahisi kuifuata. Kiasi cha habari ya awamu ambacho kila fotoni huchangia, kikipimwa kwa kinyume cha mraba wa kosa, ni N·0.9^N kwa hali ya NOON, wakati fotoni huru huchangia 0.9 tu kila moja. Kwa kundi la fotoni 10, mchango wa kila fotoni hufikia takriban 3.5, ambao ni karibu mara nne ya ule wa fotoni huru, na kwa hiyo kosa hupungua karibu nusu. Hapo ndipo kilele kilipo. Kundi likiongezwa, uwezekano wa zote kufika salama hushuka haraka kuliko faida inavyopanda, na kundi likipita fotoni 35 hivi, hali ya NOON huwa mbaya kuliko leza ya kawaida. Kwa kundi la fotoni 100, uwezekano wa zote kufika ni chini ya tatu katika 100,000, na mchango wa kila fotoni ni pungufu zaidi ya mara 300 ukilinganishwa na wa fotoni huru. Hali iliyo bora kuliko zote katika chombo kisicho na upotevu imegeuka kuwa mojawapo ya hali dhaifu kabisa.

Je, hakuna hali nyingine iliyofungamana kwa ustadi zaidi ambayo ingevumilia upotevu na kuuhifadhi uwiano wa Heisenberg? Swali hili lilipata jibu thabiti mwaka 2011 katika kazi ya Escher, de Matos Filho na Davidovich, na mwaka 2012 katika kazi ya Demkowicz-Dobrzański, Kołodyński na Guţă. Jibu ni kwamba haipo. Kama η ni sehemu ya fotoni zinazofika salama, basi kwa hali yoyote ile ya nuru, iwe imefungamana kwa namna gani, kosa haliwezi kushuka chini ya √((1−η)/(ηN)). Ndani ya usemi huo N imerudi chini ya kipeuo cha pili, na maana yake ni kwamba fotoni zikiwa nyingi, kosa hupungua tena kwa 1/√N kama ilivyokuwa kwa nuru ya kawaida. Ufungamano haukuubadili mwendo wa ukuaji, bali umeleta punguzo lisilobadilika, ambalo ni √(1−η) ya kosa la fotoni huru. Kwa ufanisi wa asilimia 90, punguzo kubwa kabisa ni takriban mara 3.2, nalo halizidi hapo hata fotoni zikiwa bilioni.

Usemi huo huo unaonyesha pia mahali uwiano wa Heisenberg unapoishi. Kikomo cha 1/N na kikomo cha upotevu hukutana pale N inapokuwa sawa na η/(1−η). Kwa upotevu wa asilimia 10 mahali hapo ni fotoni 9, na kwa upotevu wa asilimia 1 ni fotoni 99. Chini ya idadi hiyo ni kikomo cha Heisenberg kinachotawala, na kuongeza mwanachama mmoja katika kundi kunaweza kuleta faida inayokaribia ile iliyoahidiwa. Juu yake upotevu ndio unaotawala. Wati moja ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 hubeba zaidi ya fotoni 5×10^18 kila sekunde, na ili uwiano wa Heisenberg uendelee kushika katika idadi kama hiyo, upotevu ungepaswa kuwa chini ya fotoni moja katika bilioni ya bilioni. Hakuna kioo wala kitambuzi kinachokaribia hapo. Anayesema, basi, kwamba chombo chenye leza kali kinafanya kazi kwa uwiano wa Heisenberg anadai jambo ambalo hesabu hairuhusu.

Punguzo hilo lisilobadilika hata hivyo ni la thamani kubwa, na habari njema ni kwamba halihitaji hali tete kama ya NOON. Mwaka 1981 Carlton Caves alionyesha kwamba kelele ya mpigo katika intaferomita inaweza kuelezwa kwa namna nyingine kabisa. Kioo cha kwanza kina milango miwili ya kuingilia, nuru ya leza hupita mmoja tu, na ule wa pili huonekana mtupu. Kwa fizikia ya kwantumu hata ombwe lina mitikisiko yake, na mitikisiko hiyo huingia kwa mlango huo wa pili, ikachanganyika na leza na kuyumbisha hesabu za mwisho. Kelele yote iliyodhaniwa kutoka kwenye leza inaweza kuhesabiwa kuwa ni ya mlango uliosahauliwa. Pendekezo la Caves lilikuwa kuupitishia mlango huo ombwe lililobanwa, yaani nuru hafifu sana inayotengenezwa ndani ya fuwele maalumu, ambayo mitikisiko yake imepunguzwa katika mwelekeo unaogusa awamu na kuongezwa katika mwelekeo mwingine usiodhuru kipimo. Leza na ombwe lililobanwa vikikutana kwenye kioo, miale miwili inayotoka huwa imefungamana, ingawa hakuna aliyelazimika kuzipanga fotoni moja moja.

Nuru hii iliyobanwa huvumilia upotevu kwa upole. Kila fotoni inayopotea hubadilishwa na kiasi kidogo cha ombwe la kawaida, hivyo kelele inayobaki ni η mara kelele iliyobanwa, kujumlisha (1−η). Nuru iliyobanwa kwa desibeli 10, yaani ambayo nguvu ya kelele yake imepunguzwa mara 10, ikipita katika chombo cha ufanisi wa asilimia 90 hutoka na kelele ya 0.9 × 0.1 + 0.1, ambayo ni 0.19 ya kelele ya kawaida, sawa na desibeli 7.2. Ikipita katika chombo cha ufanisi wa asilimia 70 hubaki na desibeli 4.3 tu. Hata ikibanwa bila kikomo kabla ya kuingia, kelele haiwezi kushuka chini ya (1−η), na hapo ndipo ulipo uzuri wa mpango huu, kwa sababu kiasi hicho ndicho hasa kilichomo katika kikomo cha mwaka 2011 na 2012. Leza kali ikisaidiwa na ombwe lililobanwa hulikaribia punguzo kubwa kabisa linaloruhusiwa na fizikia, na hali za ajabu zaidi zisingeongeza chochote cha maana katika chombo chenye fotoni nyingi.

Mfano ulio wazi ni vitambuzi vya mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga-wakati inayosababishwa na matukio kama kugongana kwa mashimo meusi. GEO600 ya Ujerumani ilitangulia kutumia nuru iliyobanwa, na tangu kipindi cha uchunguzi kilichoanza Aprili 2019 vitambuzi viwili vya LIGO nchini Marekani, vyenye mikono ya kilomita 4, vimekuwa vikiitumia pia. Katika kituo cha Livingston kelele ilipungua kwa desibeli 2.7, maana yake nguvu ya kelele ya mpigo iligawanywa kwa takriban 1.86, matokeo ambayo kwa njia ya kawaida yangedai kuongeza nguvu ya leza kwa kiasi hicho hicho na kuvumilia joto la ziada linaloupotosha umbo la vioo. Desibeli 2.7 zinaweza kuonekana chache mbele ya zile 15 ambazo maabara moja ya Ujerumani iliripoti mwaka 2016, lakini tofauti hiyo karibu yote ni hadithi ya η, kwa maana nuru iliyobanwa hulazimika kupita katika vioo na vichujio vingi, na kulingana umbo kamili na mwale wa leza, kabla ya kufika kitambuzini.

Jambo la pili lililojitokeza huko ni kwamba mwelekeo mwingine wa nuru iliyobanwa, ule ulioongezewa mitikisiko, si usiodhuru katika masafa yote. Katika masafa ya chini mitikisiko hiyo husukuma vioo vyenyewe kwa shinikizo la nuru na kuongeza kelele. Kwa sababu hiyo LIGO iliongezewa vichujio vyenye urefu wa mita 300, vinavyouzungusha mwelekeo wa kubana kulingana na masafa, vikaanza kutumika katika uchunguzi wa mwaka 2023.

Pale awamu inapopimwa kwa atomu badala ya fotoni, adui hubadilika sura, ingawa hitimisho hufanana. Katika saa za atomu, atomu zenyewe hazipotei sana, lakini awamu yao huvurugwa na mitikisiko ya sumaku na ya nuru inayozizunguka. Huelga na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba atomu N zilizofungamana kikamilifu hukusanya awamu mara N kwa kasi zaidi na huvurugika mara N kwa kasi zaidi pia, hivyo muda wa kipimo hulazimika kufupishwa mara N, na pale ambapo kila atomu huvurugwa kivyake, bila kumbukumbu ya mvurugo uliotangulia, faida yote hufutika. Mvurugo ukiwa wa pamoja mambo huwa mabaya zaidi. Katika jaribio la Innsbruck lililochapishwa mwaka 2011, ambapo ioni 14 za kalsiamu zilifungamanishwa, kasi ya kuvurugika iliongezeka kwa mraba wa idadi ya ioni.

Kutokana na haya inawezekana kusoma kwa uangalifu ripoti zinazodai kuvuka kelele ya mpigo. La kwanza la kutazama ni namna N ilivyohesabiwa. Majaribio mengi ya awali ya fotoni yalihesabu tu mara ambazo fotoni zote zilifika, yakaziacha nje zile zilizopotea, na mistari iliyosongamana mara N ilionekana waziwazi ingawa jumla ya fotoni zilizopita katika sampuli ingeleta usahihi mkubwa zaidi kama zingetumika kwa njia ya kawaida. Kwa hali ya NOON ya fotoni mbili, kuvuka kikomo cha kweli bila kuchagua matokeo kunadai ufanisi wa jumla unaopita asilimia 70.7 hata kama mistari ni safi kabisa, na ni mwaka 2017 tu ambapo Slussarenko na wenzake nchini Australia walifanikiwa kuvuka kwa kuzihesabu fotoni zote. La pili ni kiasi cha awamu kilichojulikana kabla ya kipimo, kwa kuwa mistari iliyosongamana mara N hujirudia mara N ndani ya mzunguko mmoja, na kipimo peke yake hakiwezi kusema ni mstari upi kati ya hiyo unaosomwa. Usahihi wa 1/N uliopatikana kwa awamu iliyokwisha kujulikana karibu yote una thamani kwa anayefuatilia badiliko dogo, na thamani ndogo kwa anayetafuta awamu asiyoijua.

La tatu ni kama ufungamano ndio uliofanya kazi. Higgins na wenzake walifikia uwiano wa Heisenberg mwaka 2007 bila kufungamanisha fotoni hata mbili, kwa kuipitisha fotoni moja katika sampuli mara nyingi, kila mara ikikusanya φ nyingine, na kwa kurekebisha kipimo kinachofuata kulingana na kilichotangulia. Katika kazi kama hiyo N ni idadi ya mapito, na ndivyo inavyopaswa kuhesabiwa, kwa sababu sampuli nyeti hudhurika kwa kila pito sawasawa na inavyodhurika kwa kila fotoni mpya. Njia hiyo nayo haikwepi upotevu, kwani fotoni inayopita mara 10 katika sampuli inayomeza asilimia 10 hufika mwisho kwa uwezekano wa 0.35 tu, ule ule wa kundi la fotoni 10 zilizofungamana kupita mara moja.